Aya ya Upande wa Pili

Somo la maadili na sheria ya tiba nilipata arobaini na moja, na alama ya kufaulu ni hamsini. Nilifaulu upasuaji, nikafaulu magonjwa ya watoto, nikafaulu hata somo la dawa ambazo majina yake yanakunja ulimi, halafu nikaangushwa na insha. Mimi, ambaye darasani wananiita Wakili kwa sababu sijawahi kushindwa kubisha! Mtihani wa marudio ulikuwa baada ya wiki tatu. Nikifeli tena narudia mwaka wa nne mzima, na baba yangu ana namna yake ya kunyamaza mezani ambayo sikuwa tayari kuishi nayo mwaka mzima.

Nikaenda kwa mhadhiri wetu nimevimba, kudai haki yangu. Ni mama mmoja daktari aliyekwenda kusomea sheria ukubwani, na wanafunzi tumempa jina la Kwa Hiyo, maana pembeni mwa karatasi zetu huandika maneno hayo na alama ya kuuliza, basi. Alitoa mafaili kwenye kiti cha wageni, akanikalisha, akanisukumia insha yangu. Kulikuwa na "kwa hiyo?" kumi na moja.

"Mama, mimi niliandika kila kitu," nikasema. "Ridhaa kurasa mbili, siri ya mgonjwa kurasa mbili, uwezo wa kuamua ukurasa na nusu. Nimeacha nini?"

"Hujaacha kitu, mwanangu. Umemwaga gunia zima mezani, mimi ndiye nichambue. Swali lilikuwa la nani?"

Nikaanza kupekua insha kulitafuta.

"Lilikuwa la mama wa miaka hamsini anayekataa kuongezewa damu, na mumewe anataka aambiwe sababu. Kwenye insha yako huyo mama yupo mstari wa kwanza tu. Baada ya hapo sijui ulimpeleka wapi."

Akachukua karatasi tupu akaanza kunipangia, kalamu ikigonga meza kila hatua. Anza na uamuzi, alisema, usianze na ugonjwa: nani anaamua nini, leo. Kisha uwezo wa kuamua, kwa sababu ridhaa ya asiye na uwezo ni maneno matupu. Mtu mzima unamchukulia kwamba anao mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anaelewa alichoambiwa? Anakishika kichwani muda wa kutosha kuamua? Anaweza kukipima faida na hasara? Anaweza kutufikishia jibu, hata kwa kupepesa macho? Uamuzi unaokuudhi wewe daktari hauthibitishi kwamba mwenzako hana akili. Baada ya hapo ridhaa: ameelezwa vya kutosha, na hakuna anayemshurutisha? Mwisho siri: nani anataka kujua, mgonjwa ameruhusu, na kama hajaruhusu, je, kuna sheria inayolazimisha, au kuna mtu mwingine aliye hatarini kwelikweli?

"Na kila kanuni ukiitaja, ibandike kwa mgonjwa hapohapo," akasema. "Usiiache inaning'inia."

"Kisha hitimisho."

"Ngoja. Kabla ya hitimisho kuna upande wa pili, na hapo ndipo mnapoangukia pua. Mnaandika hoja ya kuwapinga kinyonge, ili muishinde kirahisi. Mtahini anaona. Iandike kama mtu anayeiamini. Ikishasimama, ndiyo uijibu. Niletee insha ya mazoezi Ijumaa. Tunga mgonjwa wako mwenyewe."

Tunga, alisema. Nililisikia vizuri kabisa, sina pa kujificha hapo. Lakini nani atakaa kutunga mgonjwa na wodi imejaa?

Wa kwangu alikuwa wodi ya upasuaji ya wanaume, kitanda cha pili kutoka dirishani, mwalimu mstaafu wa hesabu. Sote tulimwita Mwalimu. Kisukari kilikuwa kimemla mguu wa kushoto, vidole vitatu vimeshakuwa vyeusi, na daktari bingwa wa upasuaji alimwambia wazi: tukate chini ya goti, la sivyo maambukizi yataingia kwenye damu. Mwalimu aliuliza ni wangapi kati ya mia hupona wakikatwa, na ni wangapi wasipokatwa. Akaambiwa. Akafikiri siku mbili, akasema hapana. Dawa za kwenye mshipa alikubali, kusafishwa kidonda kila siku alikubali. Kukatwa, hapana. Kaka yake walimkata mara tatu, kipande kwa kipande, na mwisho akafa vilevile.

Watoto wake wa kiume wawili aliwaambia kidonda kinapona. Na sisi tuliokuwa kwenye mzunguko wa asubuhi, mimi nikiwamo, akatuomba tusiwaambie vingine. Bingwa akamjibu, "Ni haki yako, Mwalimu," akaandika kwenye faili.

Nilimpenda yule mzee. Nikimtoa damu ananitahini kuzidisha kwa kichwa, nikikosea anaomba nimtoe damu upya. Kwa hiyo nilipokaa Alhamisi kuandika, alikuja mwenyewe. Nikamwita Bwana M. Nikaona nimeficha! Nikabakiza humo ualimu wake, somo lake, mguu wake wa kushoto, dirisha lake, mkewe aliyefariki miezi saba nyuma. Bila hayo insha ilikuwa kavu, na Kwa Hiyo alitaka kanuni zibandikwe kwa mtu.

Ikaniingia mkononi, sisemi uongo. Uamuzi, uwezo, ridhaa, siri, kila kitu mahali pake. Nikafika aya ya upande wa pili, nikaiandika kama mtu anayeiamini. Nikasema huyu ni mjane aliyezama kwenye huzuni. Tarehe amekosea mara mbili. Anaogopa kisa cha kaka yake kuliko takwimu alizopewa. Na mwisho: *Mtu anayelia kila asubuhi akidhani hakuna anayemwona, atapima nini?* Nikatabasamu mwenyewe. Aya iliyofuata nikaijibu: huzuni peke yake haimwondolei mtu uwezo wa kuamua, wodini hakuna kalenda, na woga wenye sababu ni sehemu ya kupima. Hitimisho: anao uwezo, ana haki ya kukataa, na wanawe hawana haki ya kuambiwa bila ruhusa yake.

Saa saba mchana nikaituma kwenye kundi letu la simu, watu kumi na wanne tunaosoma pamoja, ili wanikosoe. Mmoja wao ni Spika, kijana mwema asiyeweza kupokea kitu asikisambaze. Alimtumia dada yake na maneno "soma mtu anavyoandika". Dada yake ni katibu muhtasi ofisini kwa mtu mmoja mwenye kampuni ya ujenzi. Mtu huyo, aliyeonyeshwa jioni ileile, ndiye mtoto wa kwanza wa Mwalimu.

Ijumaa asubuhi tuko kwenye mzunguko, hatujafika hata kitanda cha kwanza, mlango wa wodi ukafunguka kwa kishindo. Akaingia mwanamume mnene wa shati jeupe, karatasi mkononi. Moja tu. Alikuwa amechapa ukurasa mmoja kati ya nne.

"Daktari mkuu ni nani hapa?"

Bingwa akasogea. "Ni mimi. Karibu, tuzungumzie nje."

"Hapahapa. Baba anatuambia anapona, kumbe anaoza na amekataa kukatwa! Nanyi mnamwangalia tu. Na ninyi wenyewe mmeandika kwamba hana akili ya kuamua. Hii hapa." Akasoma kwa sauti, wodi nzima ikisikia, ile sentensi yangu ya mwisho niliyoitabasamia.

Bingwa akaipokea karatasi, akaisoma taratibu, akatugeukia wanafunzi. "Nani ameandika?"

Nikainua mkono. "Hiyo ni aya ya upande wa pili, Daktari. Inajibiwa kwenye ukurasa unaofuata."

"Kwa hiyo uliandika usichokiamini?" yule kaka akaniuliza.

"Niliandika kama mtu anayekiamini."

"Basi uliamini au hukuamini?"

Nilikuwa na majibu mawili na yote mawili yalikuwa ya kweli, na nikiyaweka pamoja yanakuwa upuuzi.

Bingwa akamwambia, kwa upole, kwamba hawezi kujadili habari za mgonjwa naye mpaka mgonjwa aruhusu.

"Zimesomwa na mji mzima, mimi mwanawe ndiye nisubiri ruhusa?"

"Ndiyo. Kwa kusomwa huko tumewakosea yeye na wewe. Mimi siwezi kuongeza kosa." Akamwonyesha benchi la nje. Yule kaka akaenda shingo upande. Kisha bingwa akanigeukia. "Utamwambia mwenyewe. Sasa hivi. Mimi nitasimama pembeni."

Mwalimu alikuwa amesikia, kitanda chake hakiko mbali kiasi hicho. Nilimweleza hata hivyo, tangu mwanzo: insha, kundi la simu, na Spika, aliyekuwa nyuma yangu, akakiri habari za dada yake. Nikasema samahani mara nyingi mpaka neno likapoteza ladha. Alininyooshea mkono. Nilidhani ananisamehe, kumbe anataka karatasi.

"Zote nne," akasema. "Huyo mwanangu tangu shule alikuwa anasoma ukurasa mmoja."

Nikamfungulia kwenye simu. Aliisoma yote, simu karibu igusane na pua, kidole kikitembea mstari kwa mstari. Sisi tumesimama. Muuguzi akapita na trei, akaona nyuso zetu, akageuza njia.

"Mpangilio mzuri," akasema hatimaye. "Lakini aya ya upande wa pili ina nguvu kuliko jibu lake. Ningekuwa mtahini, hata mimi ningejikata huo mguu."

Sikujua kama nicheke au nilie.

"Kwa nini uliandika kwamba nalia?"

"Kwa sababu... unalia, Mwalimu."

"Nalia saa kumi na mbili, wauguzi wakiwa wanapokezana zamu, nimegeukia ukutani." Akanirudishia simu. "Mguu ulidhani ndiyo siri? Mguu unanuka, binti yangu, mtu yeyote anayeingia hapa anajua. Siri ilikuwa hiyo."

Insha nzima nilikuwa nimelinda ugonjwa wake, na kilichokuwa chake hasa nikakitumia kama ushahidi. Niliona aibu ambayo sijui niiwekee kanuni gani. Hata kwenye vitabu vyangu nilijua haipo.

Mwalimu akamwambia bingwa: mwiteni huyo anayegonga miguu huko nje, aambiwe yote, na mdogo wake pia, sasa naruhusu. Bingwa akamuuliza kama anaruhusu kwa kutaka au kwa kuona maji yameshamwagika. "Vyote viwili," akasema Mwalimu. "Nina haki ya kuwa na sababu mbili." Ikaandikwa kwenye faili.

Lakini alikuwa na homa siku hiyo, thelathini na nane na ushee, na bingwa akasema swali la mguu hatalirudia mpaka homa ishuke, maana uwezo wa mtu unaweza kwenda na kurudi. Jumamosi asubuhi ilishuka. Akaja na daktari wa magonjwa ya akili kwa maoni ya pili. Watoto wote wawili waliruhusiwa na baba yao wakae, kwa sharti la kutosema neno. Mimi niliambiwa nisimame miguuni pa kitanda nitazame.

Daktari wa akili akamwomba Mwalimu aeleze kwa maneno yake mwenyewe nini kinaendelea mguuni. Akaeleza. Nini kitatokea ukikatwa? Akaeleza, na idadi zake kati ya mia. Usipokatwa?

"Sumu itapanda kwenye damu nitakufa. Huenda wiki hii, huenda mwezi. Nikikatwa nina nafasi nzuri ya kuishi, nzuri kweli. Sijasema ni mbaya."

"Basi kwa nini hutaki?"

"Kaka yangu alikuwa na nafasi nzuri mara tatu. Nilimuuguza mimi. Sitaki miaka ile, hata kama ni miaka."

"Leo ni tarehe ngapi?"

Akataja. Alikosea kwa siku moja.

"Mnaona!" mtoto wa kwanza akaruka.

"Sikumwomba aamue kuhusu tarehe," daktari wa akili akasema, akaendelea kuandika.

Madaktari wote wawili wakaafikiana: kwa uamuzi huu, leo, anao uwezo. Bingwa akamwambia Mwalimu kwamba hakubaliani naye, akamwambia pia kwamba mlango uko wazi akibadili mawazo hata baada ya saa moja. Kisha likaja suala la siku ambayo hataweza kusema. Mwalimu akataka iandikwe kwamba hapana yake ibaki hapana hata akipoteza fahamu, na kwamba anajua anaweza kufa kwa hilo. Ikaandikwa, akatia sahihi, mashahidi wawili wakatia zao. Mtoto wa pili, ambaye alikuwa hajasema neno, alikuwa akiinama kama anayetafuta kitu sakafuni.

Kwa Hiyo nilimkuta ofisini Jumatatu, nikamwambia kabla hajaniambia. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Kuficha mgonjwa si kumpa herufi," akasema. "Ni kuondoa kila kitu ambacho jirani yake angemtambua nacho. Usipoweza, unamwomba ruhusa. Alikuwa hatua kumi kutoka kwako." Nikapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, na Spika pia. Nilipewa onyo la maandishi litakalokaa kwenye faili langu. Mwalimu aliulizwa kama anataka kulalamika. Alisema nifanye mtihani wangu, ila nimwandikie barua ya kuomba radhi, isizidi ukurasa mmoja, na isiwe na upande wa pili.

Nilimpelekea. Aliisoma, akaiweka chini ya mto. Siku iliyofuata homa ikarudi, akaanza kuweweseka, kisha akapoteza fahamu. Watoto wakamwendea bingwa: sasa hawezi kukataa, mkateni! Bingwa akawaletea ile karatasi yenye sahihi. Nilikuwa nabadilisha dripu nikasikia yote, na nilipomwona mtoto wa kwanza amekamata karatasi ile kwa mikono miwili, moyo wangu ulikuwa upande wake. Lazima niseme. Kila kitu nilichojua kilikuwa upande wa baba, na mimi nilitaka waende wakamkate. Alifariki Alhamisi adhuhuri.

Jumatatu nikafanya mtihani. Swali lilikuwa la dereva wa basi mwenye kifafa anayemwomba daktari asimwambie mwajiri. Niliandika: uamuzi ni wa nani, uwezo anao, lakini hapa siri inagongana na uhai wa abiria, kwanza umshawishi aseme mwenyewe na aache usukani, akikataa, utoe habari ile tu inayohitajika, kwa anayehusika tu, na umwambie dereva kabla hujafanya hivyo. Aya ya upande wa pili ilinichukua nusu saa. Niliiandika nikimwogopa mtu ambaye hayupo.

Nikapata sabini na mbili. Nilitazama namba ile ubaoni nikangoja furaha, ikaja nusu.

Wiki hiyohiyo nilimkuta mtoto wa kwanza kwenye korido ya masjala, amefuata karatasi za cheti cha kifo. Shati jeupe tena, limekunjamana. Nilitaka kupita, akaniita.

"Wewe ndiye Wakili. Mzee alikutaja. Mtihani ulifanya?"

"Nilifanya, kaka."

"Ulipata ngapi?"

Nikamwambia.

"Hongera," akasema, wala hakuwa ananikejeli. Nilisubiri matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Badala yake akasogea karibu, akashusha sauti ili waliokuwa kwenye foleni wasisikie.

"Sisi nyumbani hatukuwahi kumwona analia. Hata mama alipofariki. Wewe ulikuwepo, ukaandika. Alikuwa analia nini?"

Nilijua saa. Nilijua amegeukia upande gani. Nilijua jinsi ya kuitumia kwenye hoja na jinsi ya kuijibu hoja.

"Sikumuuliza, kaka," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayeendelea kusikiliza. Kisha akarudi kwenye foleni. Ilikuwa ndefu, dirisha moja tu ndilo lililofunguliwa. Nikaenda nikasimama naye.